Klabu ya vijana inapoomba udhamini, inauza nini?

Msimu wa ligi ukikaribia, wenye maduka makubwa hupokea barua zinazofanana. Klabu inaeleza kwamba inalea vipaji, inawatoa watoto vijiweni, haina jezi wala mipira, kisha inaomba "chochote mtakachojaliwa". Mwenye duka akiguswa hutoa elfu hamsini, na msimu ujao huombwa upya. Huo ni msaada. Udhamini ni makubaliano ya pande mbili, na barua yake inapaswa kumwonyesha mfanyabiashara kile atakachopata.

Tuchukue mfano wa timu ya vijana chini ya miaka 17 mjini Morogoro, inayoliandikia duka la vifaa vya ujenzi. Ina mechi 14 za ligi, saba nyumbani na saba ugenini. Kwa bei za mfano, jezi 36 zitagharimu shilingi 720,000, mipira minne 180,000, na nauli za ugenini 560,000. Jumla ni 1,460,000. Wazazi na wanachama watachanga 460,000, hivyo duka linaombwa 1,000,000. Mchango wa wazazi usiachwe nje ya barua, kwa sababu unamwonyesha mdhamini kwamba habebi mzigo wote peke yake.

Baada ya hesabu hiyo, barua iseme wazi klabu itatoa nini:

"Kwa udhamini huo, klabu itafanya yafuatayo kwa msimu mmoja: (1) kuweka jina la duka kifuani mwa jezi zote 36, (2) kutundika mabango mawili ya duka katika mechi zote saba za nyumbani, (3) kuwapa wazazi na wanachama kadi za kununulia dukani kwa punguzo mtakalolipanga, (4) kutomtangaza mfanyabiashara mwingine wa vifaa vya ujenzi, (5) kuleta taarifa ya maandishi yenye picha na risiti ndani ya siku 30 baada ya msimu."

Kila kipengele hapo kinahesabika. Linganisha na ahadi ya "kutangazwa kwa maelfu ya mashabiki". Mwenye duka akipita uwanjani Jumamosi akakuta watu mia na ushee, hataiamini tena barua nzima. Ni afadhali kuhesabu watazamaji wakati wa mapumziko katika mechi tatu. Wakiwa 140, 210 na 160, andika wastani wa watu 170, na utaje kwamba wengi ni wakazi wa kata hiyo. Kwa duka la saruji na mabati lililo jirani, hao ndio wateja linaowatafuta.

Kadi ya punguzo ina thamani ya pekee. Jezi na mabango hulifanya jina lionekane, lakini mwenye duka hajui nani alinunua kwa sababu yake. Kadi ikionyeshwa, muuzaji huandika namba yake kwenye nakala ya risiti. Mwisho wa msimu duka linajua mauzo yaliyopitia klabuni, na mazungumzo ya msimu wa pili yanaanzia hapo.

Kabla ya kuahidi, klabu ihakikishe kwamba kitu hicho ni chake kukitoa. Huenda ligi ina mdhamini wake, na kanuni zake zikazuia matangazo fulani kifuani au uwanjani. Sheria 17 za soka nazo zina mipaka: jezi haziruhusiwi kubeba kaulimbiu wala picha za kisiasa, kwa hiyo mwenye duka anayegombea udiwani hawezi kuwekewa sura yake kifuani. Bango la kusimama likae angalau mita moja kutoka mstari wa pembeni, na lile la nyuma ya goli lisiuguse wala kuukaribia wavu kwa chini ya mita moja. Uwanja ukiwa wa shule au halmashauri, kibali cha mabango kiombwe mapema. Na kwa kuwa wachezaji ni watoto, picha zao zisitumike kwenye matangazo ya duka bila idhini ya maandishi ya wazazi.

Barua yenyewe isizidi kurasa mbili. Itaje namba ya usajili wa klabu na akaunti ya benki yenye jina la klabu, isiwe namba ya simu ya kocha. Isainiwe na mwenyekiti na katibu, na ipelekwe miezi miwili au mitatu kabla ya ligi, kwa sababu jezi zikishachapwa hakuna tena kifua cha kuuza.

Duka likisema lina 500,000 tu, klabu isiikubali nusu ya fedha huku ikibaki na ahadi zote tano. Ipunguze: mabango, kadi na taarifa vibaki, na kifua cha jezi kitafutiwe mdhamini mwingine asiyeuza vifaa vya ujenzi.