Maumivu ya Chini ya Kitovu Yanayozidi Jioni: Kina Mama Waliojifungua Waelezwe Kuhusu Mishipa ya Nyonga

Na Mwandishi Wetu – Tukuyu, Rungwe

Katika mashamba ya chai ya Katumba na katika masoko ya Tukuyu na Kiwira, sehemu kubwa ya siku ya kazi ya mwanamke hupita akiwa amesimama. Mchuma chai husimama kwenye mteremko tangu asubuhi, kapu likiwa mgongoni. Muuza ndizi husimama nyuma ya mikungu yake hadi wateja waishe. Baadhi yao hurejea nyumbani jioni wakiwa na maumivu ya aina moja: uzito chini ya kitovu, maumivu butu yasiyokata kama kisu wala kubana kama uchungu wa uzazi, yanayovuta kuelekea kiunoni na mapajani. Wakilala kwa nusu saa hupungua. Asubuhi ya pili huwa yamekwisha, na kufikia alasiri yameanza tena.

Majirani na wakwe huyaita chango. Katika vituo vya kutolea huduma mara nyingi hutajwa kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, yale ambayo wengi huyaita yutiai, au maambukizi katika via vya uzazi. Magonjwa hayo yapo na ni ya kawaida, hivyo mhudumu anayeanza kuyachunguza hakosei. Kosa huanza pale vipimo vinapokuwa safi na mgonjwa akaandikiwa antibiotiki kwa mara ya pili, ya tatu na ya nne, bila mtu kumuuliza swali moja jepesi: maumivu haya huwa makali saa ngapi?

Swali hilo lina uzito kwa sababu vijidudu havifuati saa wala mkao wa mwili. Maumivu yanayozidi kadiri mtu anavyosimama na kupungua akilala huelekeza mawazo kwenye mishipa ya damu. Kitaalamu hali hiyo ni msongamano wa damu katika mishipa ya nyonga, na huwapata zaidi wanawake waliokwisha kuzaa, hasa waliozaa zaidi ya mara moja.

Ili kuielewa, msomaji wa Rungwe anaweza kufikiria miradi ya maji ya mserereko inayohudumia vijiji vingi vya wilaya hii. Maji hushuka kutoka kwenye chanzo mlimani bila kusukumwa na mashine. Damu inayotoka kwenye nyonga ina safari ya kinyume: lazima ipande kuelekea moyoni. Vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zina vali ndogo ndani yake ambazo hufunguka damu inapopanda na kujifunga isirudi chini. Vali zikishindwa kufunga, mtu aliyesimama huwa na safu nzima ya damu inayolemea mishipa ya chini, nayo hutanuka taratibu kutwa. Akilala, safu hiyo hulala pamoja naye, na uzito huondoka.

Ujauzito ndio unaoharibu vali hizo mara nyingi. Wakati wa mimba, vena za ovari hubeba damu nyingi kutoka kwenye mfuko wa uzazi, na uwezo wake wa kubeba damu unaweza kuongezeka hadi mara 60. Homoni za ujauzito nazo hulegeza kuta za mishipa. Baada ya kujifungua mishipa husinyaa, lakini si kila mara hurejea ilivyokuwa, na mimba inayofuata huikuta ikiwa tayari imelegea. Takwimu za utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 zilionyesha kuwa mwanamke wa Tanzania huzaa kwa wastani watoto 4.8, hivyo wanawake ambao mishipa yao imepitia safari hiyo mara kadhaa si wachache.

Upande wa kushoto ndio unaoumia mara nyingi zaidi, na sababu yake iko katika maumbile. Vena ya ovari ya kulia huingia moja kwa moja kwenye mshipa mkuu unaopanda kwenda moyoni. Ya kushoto ni ndefu zaidi, na hujiunga na vena ya figo kwa pembe ya mraba, mahali ambapo damu hukutana na kizuizi zaidi. Hata hivyo, maumivu yanaweza kuwa kulia, au kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Mbali na saa ya maumivu, kuna dalili nyingine ambazo mama anaweza kuona haya kuzitaja, ilhali ndizo zinazomsaidia sana mtaalamu. Ya kwanza ni maumivu yanayobaki kwa saa kadhaa baada ya tendo la ndoa, au hata hadi kesho yake. Ya pili ni mishipa iliyovimba na kujipinda sehemu za siri, kwenye makalio au nyuma ya paja kwa juu, hasa iliyoanza wakati wa ujauzito. Wengi pia huona maumivu yakiongezeka siku chache kabla ya hedhi.

Mtaalamu naye ana mahali pa kubonyeza. Huchukua mstari kutoka mfupa wa mbele wa nyonga hadi kitovuni, na kwenye mstari huo hubonyeza kwa kina. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1988 na madaktari wa London ulionyesha kuwa uchungu mahali hapo, ukiambatana na maumivu baada ya tendo la ndoa, uliwatambua wagonjwa 94 katika kila 100 wenye tatizo hili. Lakini karibu robo ya wanawake waliokuwa na sababu nyingine za maumivu nao walikuwa na alama hizo mbili. Aidha, upande wa kulia mahali hapo hukaribiana na pale panapouma mtu mwenye ugonjwa wa kidole tumbo. Kwa hiyo kubonyeza hutoa mwelekeo tu. Uamuzi huhitaji kipimo.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 34, mchuma chai, mwenye watoto wanne. Amekuwa na maumivu tangu mtoto wa tatu. Ametumia antibiotiki mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Kila mara alipata nafuu kidogo, na kila mara alikuwa amepumzika nyumbani siku mbili au tatu za mwanzo wa dawa. Nafuu hiyo ilimfanya aamini dawa, kumbe aliyofaidika nayo ni mapumziko.

Katika zahanati anapimwa mkojo, mimba na malaria, na vyote vinaonyesha hana tatizo. Hana homa, wala uchafu wenye harufu ukeni. Badala ya kupewa dozi ya nne, anaombwa kuandika kwenye daftari la mwanawe kiwango cha maumivu mara tatu kwa siku, kuanzia 0 hadi 10, kwa mizunguko miwili ya hedhi. Siku za kazi, saa 1 asubuhi anaandika 1, saa 10 jioni anaandika 6, na baada ya kulala nusu saa anaandika 2. Jumapili, anapokaa zaidi ya kusimama, jioni haizidi 3. Siku nne kabla ya hedhi jioni hupanda hadi 8. Ukurasa huo mmoja unaeleza mengi kuliko cheti chenye neno moja tu, “tumbo”.

Anapofika hospitali ya wilaya kwa kipimo cha ultrasaundi, kuna mtego unaostahili kuelezwa kwa kina. Kipimo hicho kwa kawaida hufanywa mgonjwa akiwa amelala chali, mkao uleule unaoimwaga damu kutoka kwenye mishipa iliyotanuka. Taarifa inaweza kusomeka kwamba mfuko wa uzazi na ovari ni vya kawaida, na ikawa kweli, huku mishipa ya pembeni haikutazamwa. Barua ya maombi inapaswa kutaja wazi kwamba mishipa ndiyo inayotafutwa. Mpimaji anaweza kuinua kitanda upande wa kichwa au kumpima mama akiwa amesimama, kumwagiza ajikamue kidogo, na kutumia dopla, ambayo huonyesha damu inaelekea wapi. Vena ya ovari yenye upana unaozidi milimita 6, pamoja na damu inayorudi chini, huunga mkono utambuzi.

Kuna tahadhari ya upande wa pili. Wanawake wengi waliozaa wana mishipa mipana na hawaumwi kamwe. Mishipa hiyo ikionekana kwa mama ambaye maumivu yake hayafuati saa wala mkao, sababu nyingine bado itafutwe: faibroidi, endometriosisi, kushuka kwa kizazi, makovu ya upasuaji, au mgongo.

Mama wa mfano wetu anaweza kuanza na mambo madogo. Kulala ubavu, miguu ikiwa juu ya kitu, kwa dakika 20 wakati wa mapumziko ya mchana hupunguza mzigo wa alasiri. Kufunga choo na kikohozi cha muda mrefu vitibiwe, kwa kuwa kujikamua huongeza shinikizo. Dawa ya maumivu kama ibuprofeni husaidia siku za kabla ya hedhi, ikitumiwa baada ya chakula na kuepukwa na mwenye vidonda vya tumbo au mjamzito.

Dawa za homoni jamii ya projesteroni zimewapunguzia maumivu baadhi ya wanawake. Vidonge vya medroksiprojesteroni vilivyofanyiwa majaribio vilitumiwa kila siku, na maumivu yalirudi dawa ilipoachwa. Sindano ya uzazi wa mpango inayotolewa kila baada ya miezi mitatu ina dawa hiyohiyo, lakini kwa kiwango na mpangilio tofauti, hivyo mama asitarajie matokeo yaleyale. Baada ya ukomo wa hedhi maumivu mara nyingi hupungua yenyewe.

Yasipotulia, rufaa ya karibu ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, takribani kilomita 70 kutoka Tukuyu, yenye Kitengo cha Wazazi Meta. Matibabu yanayoziba mshipa wenyewe hayahitaji kupasua tumbo: mrija mwembamba hupitishwa kupitia mshipa wa shingo au wa kinena, na vipande vya waya uliosokotwa huachwa ndani ya vena iliyoharibika ili damu ipite njia nyingine. Wengi hupata nafuu, ingawa si wote. Kazi hiyo hufanywa na wataalamu wa radiolojia tiba, fani iliyoanza kujengwa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2018. Kuondoa kizazi kusiwe chaguo la haraka, kwa sababu vena za ovari zinaweza kubaki zikiwa na tatizo lilelile.

Zipo hali ambazo hazipaswi kusubiri daftari. Maumivu makali ya ghafla, hasa kwa aliyekosa hedhi, homa, kutokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya ukomo wa hedhi, na tumbo linaloongezeka ukubwa, ni sababu za kwenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa mwingine, anayeumwa jioni na kupona alfajiri, daftari liende naye kila anapopewa rufaa, likiwa na idadi ya mimba, saa za kusimama kazini, na orodha ya antibiotiki alizokwisha kutumia.