Swali Lililogeuka Taarifa: Kurekebisha Mstari wa Kidatu

Sema “Mama amelala” kama unayetoa habari, kisha uiseme tena kama unayeuliza. Maneno ni yale yale na mpangilio wake haujabadilika. Kinachotofautisha ni kiimbo: katika taarifa sauti hushuka kuelekea mwisho, na katika swali mara nyingi hupanda au hubaki juu. Mwanaisimu anayetaka kuonyesha tofauti hiyo hurekodi wasemaji, kisha huipa kompyuta kazi ya kuchora mstari wa kidatu, yaani mstari unaofuata sauti inavyopanda na kushuka. Mstari huo ndio ushahidi wake. Tatizo ni kwamba kompyuta hukosea, na makosa yake yanaweza kuandika swali kama taarifa.

Programu inayotumika zaidi kwa kazi hii ni Praat, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Hutolewa bure na hufanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida. Mbinu yake ya kupima kidatu, ambayo Boersma aliieleza mwaka 1993, inaeleweka bila hesabu nyingi. Tunapotamka irabu, nyuzi za sauti hufunga na kufunguka mara nyingi kwa sekunde, na kila mzunguko huacha alama yake kwenye wimbi. Programu hukata kipande kifupi cha wimbi, hutengeneza nakala yake, kisha huisogeza nakala hiyo taratibu juu ya kipande chenyewe mpaka vilingane. Vikilingana baada ya kusogea milisekunde 4, basi mzunguko mmoja umechukua milisekunde 4, na sauti ni ya hezi 250.

Hapo ndipo kosa la kwanza huzaliwa. Nakala iliyolingana baada ya milisekunde 4 italingana tena baada ya milisekunde 8, kwa sababu mizunguko miwili ina umbo linalojirudia kama ule mmoja. Ni kama mtu anayehesabu mapigo ya ngoma akachukua kila mapigo mawili kuwa pigo moja: hajapoteza mdundo, lakini hesabu yake imekuwa nusu. Programu ikichagua milisekunde 8 huandika hezi 125 badala ya 250. Kwa lugha ya muziki, imeshuka oktavo nzima. Kwa kawaida huepuka mtego huo, kwa kuwa kila kipande hubaki na wagombea kadhaa na programu hutafuta njia isiyorukaruka. Lakini mwishoni mwa sentensi pumzi hupungua, na mizunguko huanza kutofautiana: mmoja mrefu kidogo, unaofuata mfupi kidogo. Basi mizunguko miwili ikichukuliwa pamoja hufanana na jozi inayofuata kuliko mzunguko mmoja unavyofanana na jirani yake. Mgombea wa nusu hushinda.

Tuchukue mfano wa mwanamke aliyerekodiwa akiuliza “Mama amelala?” Mstari unaanza kwenye hezi 220, unapanda hadi 260 kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, halafu ghafla, kwenye “la” ya mwisho, unaonekana kwenye 125. Anayeutazama kwa haraka ataandika kwamba msemaji huyu huuliza kwa kushusha sauti. Dalili za kosa ni mbili. Kwanza, namba mpya ni karibu nusu kamili ya kidatu kilichotarajiwa. Pili, mporomoko umetokea kati ya kipimo kimoja na kinachofuata, takriban milisekunde 10 tu, na koo la binadamu haliwezi kushuka oktavo kwa muda mfupi hivyo huku likiendelea kutoa sauti.

Dalili si uthibitisho. Uthibitisho uko kwenye wimbi lenyewe. Kuza sehemu hiyo mpaka uone mzunguko mmoja mmoja, kisha pima umbali kutoka kilele hadi kilele. Ukikuta milisekunde 4, sauti ilikuwa hezi 250 na mstari umekosea. Ukikuta kilele kikubwa na kidogo vikipokezana kwa tofauti kubwa, hilo ni jambo jingine: sauti yenyewe imekwaruza, na nusu hiyo imo ndani ya koo la msemaji. Kama unachunguza kiimbo cha swali, unaweza kuiacha silabi hiyo bila kipimo. Kama unachunguza mkwaruzo wenyewe, kuifuta ni kufuta ulichokuja kutafuta.

Dawa ya kwanza haianzi kwa kugusa kosa moja moja. Inaanza kwa kuieleza programu sauti ya msemaji iko wapi. Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida cha Praat kimetafuta kati ya hezi 75 na 600, nafasi inayowatosha wanaume, wanawake na watoto pamoja. Upana huo ndio unaompa mgombea wa nusu mahali pa kukaa. Watafiti Céline De Looze na Daniel Hirst walipendekeza kupima mara mbili. Mara ya kwanza pima kwa upana wote, halafu tafuta robo ya kwanza na robo ya tatu ya vipimo vyote. Zidisha robo ya kwanza kwa 0.75 upate sakafu, na robo ya tatu kwa 1.5 upate dari, kisha pima upya. Kwenye Praat, ukiwa umechagua rekodi, hatua zenyewe ni hizi:

```
sauti = selected("Sound")
To Pitch: 0, 75, 600
q1 = Get quantile: 0, 0, 0.25, "Hertz"
q3 = Get quantile: 0, 0, 0.75, "Hertz"
selectObject: sauti
To Pitch: 0, 0.75*q1, 1.5*q3
```

Tuseme robo za mwanamke wetu ni hezi 200 na 240. Sakafu itakuwa 150 na dari 360. Hezi 125 sasa iko chini ya sakafu, kwa hiyo mgombea wa nusu hana tena nafasi, na “la” ya mwisho inarudi kwenye 250. Swali limerudi kuwa swali. Njia hii inafanya kazi kwa sababu makosa machache hayavuti robo kama yanavyovuta wastani. Lakini ina masharti. Ipe mazungumzo marefu ya msemaji mmoja, si sentensi moja, wala usichanganye wasemaji wawili. Na kama msemaji anashangaa, anacheka au anasimulia kwa vionjo, kizidishi cha 1.5 kitakata vilele vyake vya kweli, na hapo hutumika 2.5.

Kwa wanaume kosa mara nyingi huenda upande wa pili. Mtu mwenye sauti ya hezi 130 akitamka “i” au “u”, mwangwi wa kinywa huikuza sana sehemu ya wimbi iliyo karibu na hezi 260, na mstari hurukia huko. Rekodi ya simu huzidisha tatizo, kwani simu ya kawaida hupunguza sana kila kilicho chini ya hezi 300. Kushusha dari hadi 250 huondoa sehemu kubwa ya miruko hiyo.

Kosa la pili ni pengo: msemaji alikuwa anatoa sauti, lakini mstari umekatika. Hapa sentensi yetu inasaidia sana. Katika “Mama amelala” hakuna sauti hata moja isiyo ghuna. M, l na irabu zote hutamkwa nyuzi zikitetema. Kwa hiyo pengo lolote ndani yake ni la kutiliwa shaka. Linganisha na “Kaka amepika chapati”, ambamo k, p, ch na t hazitetemeshi nyuzi. Huko mapengo ni haki yake, na mstari unaopita juu yake bila kukatika ndio wenye kasoro. Wanaorekodi kwa ajili ya kiimbo huchagua sentensi za aina ya kwanza kwa sababu hiyo hiyo.

Ukiona pengo lisilostahili, kuza wimbi. Kama unaona mvumo tu usio na mizunguko, msemaji amemalizia kwa mnong’ono, na pengo ni la kweli. Kama mizunguko inaonekana, tafuta sababu kwa mpangilio. Anza na kelele. Praat hukihesabu kipande kuwa kimya kama nguvu yake iko chini ya asilimia 3 ya kilele kikubwa kuliko vyote kwenye rekodi. Mlango ukibamizwa na kufikia kilele cha 0.9, mpaka wa ukimya unakuwa 0.027, na irabu ya mwisho yenye nguvu ya 0.02 inahesabiwa kimya. Kata mlango huo, kilele kibaki 0.4 cha msemaji mwenyewe, na mpaka unashuka hadi 0.012. Irabu imerudi bila kubadilisha kipimo chochote.

Pengo likibaki, shusha kizingiti cha ughuna kutoka 0.45 hadi 0.3. Hapo unairuhusu programu ikubali mizunguko isiyofanana vizuri, na hatari yake ni kukubali hata mvumo wa feni. Jaribu mpangilio huo kwenye “Kaka amepika chapati” ya msemaji huyo huyo. Kidatu kikianza kuonekana ndani ya p na t, umeshusha kupita kiasi. Sababu ya tatu inaweza kuwa sakafu uliyoiweka mwenyewe: mwanamke wetu akimaliza taarifa kwa mkwaruzo wa hezi 100, sakafu ya 150 imemfungia nje. Usishushe sakafu kwa rekodi nzima. Pima kipande hicho peke yake.

Makosa yanayobaki hurekebishwa kwa mkono. Ukifungua kidatu kwa `View & Edit`, kila kipande kinaonyesha wagombea wake kwa tarakimu za 0 hadi 9 kulingana na ubora wao, na unambofya yule aliyethibitishwa na wimbi. Amri ya `Kill octave jumps` ni ya haraka zaidi, lakini inaangalia namba pekee, haiangalii sauti. Amri ya `Smooth` isitumike kabla ya marekebisho kuisha: ikilainisha mahali ambapo 250 imekaa jirani na 125, itazaa namba za katikati ambazo hakuna mtu aliyezitamka, na dalili ya mruko itakuwa imefutika.

Mwisho, sikiliza. Amri ya `Hum` hugeuza mstari kuwa mvumo, na sikio hunasa mruko wa oktavo ambao jicho limeupita. Kisha hifadhi mstari wa awali pamoja na uliorekebishwa, na uandike sakafu, dari na kizingiti ulivyotumia kwa kila msemaji. Msomaji anayeambiwa kwamba swali la Kiswahili hupanda ana haki ya kujua ni silabi zipi zilipimwa na mashine, na ni zipi ziliamuliwa na mkono wako.