Bonasi Bila Vitabu, Vitabu Bila Bonasi

Mwaka 2013 shirika la Twaweza lilianza jaribio katika shule za msingi 350 kwenye wilaya 10 za Tanzania Bara. Jaribio hilo liliitwa KiuFunza. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ili zinunue vitabu, chaki na mahitaji mengine. Shule nyingine 70 hazikupata ruzuku hiyo, ila walimu wao wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa bonasi: shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu Kiswahili, Kiingereza au Hesabu, huku mwalimu mkuu akipata shilingi 1,000 kwa kila ufaulu wa namna hiyo. Shule 70 nyingine zilipata vyote viwili. Zilizobaki, 140, ziliendelea na mambo yao kama kawaida ili ziwe za kulinganishia.

Mwanafunzi wa usimamizi wa rasilimali watu anayetaka kuelewa nadharia za motisha atajifunza mengi kwenye jaribio hili kuliko kwenye ile piramidi inayochorwa ubaoni kila muhula. Lakini tuanze na piramidi, kwa kuwa ndiyo watu wanayoijua.

Abraham Maslow alichapisha nadharia yake ya mahitaji mwaka 1943. Alisema binadamu ana mahitaji ya mwili kama chakula na usingizi, kisha usalama, upendo na kuwa sehemu ya kundi, heshima, na mwishowe haja ya kuwa kile anachoweza kuwa. Haja iliyokwisha kutoshelezwa haimsukumi mtu tena, na ile inayofuata huchukua nafasi yake. Makala yale hayana piramidi yoyote. Mchoro huo ulikuja baadaye kwa mikono ya watu wengine, na umefanya wanafunzi wengi waamini kwamba mtu hapandi ngazi ya pili mpaka amalize ya kwanza. Maslow mwenyewe alikataa tafsiri hiyo. Kwa mfano tu, alisema mtu wa kawaida anaweza kuwa ametosheka asilimia 85 katika mahitaji ya mwili, 70 katika usalama, 50 katika upendo, 40 katika heshima na 10 katika ile haja ya juu kabisa, yote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwalimu aliyepanga chumba kimoja na bado ana deni la duka anaweza kabisa kuumia kwa sababu mkaguzi wa elimu alimkaripia mbele ya wanafunzi wake. Tumbo halisubiri heshima, na heshima nayo haisubiri tumbo.

Frederick Herzberg na wenzake waliingia kwa mlango mwingine. Katika utafiti wao uliotoka mwaka 1959, waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, Marekani. Waliwaomba wasimulie wakati walipoifurahia kazi yao kupita kiasi, na wakati walipoichukia. Hadithi za furaha zilihusu kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe na kupewa wajibu. Hadithi za uchungu zilihusu sera za kampuni, usimamizi mbaya, mshahara na mazingira. Herzberg akahitimisha kwamba haya ni makundi mawili tofauti. Ukimtengenezea mwalimu paa la nyumba lililokuwa likivuja, utakuwa umeondoa manung'uniko, lakini hujampa sababu ya kuandaa somo vizuri zaidi.

Hoja hiyo ina ukweli mwingi, ila njia iliyotumika ina kasoro ambayo mwanafunzi anapaswa kuikumbuka. Mwombe mtu yeyote asimulie mafanikio yake, atakuambia juu ya juhudi zake. Mwombe asimulie mambo yalipoharibika, atakuambia juu ya bosi. Huenda sehemu ya makundi mawili ya Herzberg imetokana na tabia hiyo ya kusimulia, wala si kazi yenyewe.

Hata hivyo, udhaifu mkubwa zaidi wa nadharia za mahitaji uko kwingine. Zinatueleza mtu anahitaji nini, lakini hazitabiri kama kesho asubuhi ataongeza bidii. Walimu wote wa KiuFunza walihitaji fedha, na kwa hilo hatuhitaji mtafiti atuambie. Bado matokeo yalitofautiana sana kati ya kundi moja na jingine.

Baada ya miaka miwili watafiti, wakiwemo Isaac Mbiti, Karthik Muralidharan, Mauricio Romero na Youdi Schipper, walipima watoto kwa mtihani wa pembeni usiohusiana na bonasi. Shule zilizopata ruzuku peke yake hazikuonyesha ongezeko lolote la maana la ufaulu. Shule zilizopata bonasi peke yake zilitoa matokeo ya mchanganyiko: mtihani uliolipiwa bonasi ulionyesha maendeleo kiasi, lakini mtihani wa pembeni haukuyathibitisha vizuri. Shule zilizopata vyote viwili zilipanda kwa 0.23 ya mkengeuko sanifu. Kwa lugha nyepesi, mtoto aliyekuwa wa 50 kati ya 100 angesogea hadi karibu nafasi ya 41. Faida ya vitu viwili vikiwa pamoja ilikuwa kubwa kuliko jumla ya faida zake kimoja kimoja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2019.

Kwa nini iwe hivyo? Hapa ndipo Victor Vroom anapofaa. Katika kitabu chake cha mwaka 1964 alisema juhudi ya mtu inategemea mambo matatu. La kwanza ni matarajio: je, nikijitahidi nitaweza kufanikisha? La pili ni uhakika wa tuzo: je, nikifanikisha nitapata kweli nilichoahidiwa? La tatu ni thamani: je, hicho nitakachopata nakitaka? Jambo la msingi ni kwamba Vroom hakuyajumlisha mambo haya. Aliyazidisha. Na katika kuzidisha, sifuri moja inatosha kufuta kila kitu.

Tuchukue mwalimu wa Hesabu wa darasa la pili na tumpe namba za kubuni, kuanzia 0 hadi 1, ili tuone hesabu inavyokwenda. Tuseme fedha anaitaka sana, hivyo thamani ni 1. Katika shule ya ruzuku peke yake, vitabu vimefika, naye anaona akijitahidi watoto wataweza: matarajio 0.7. Lakini wakifaulu au wasifaulu, mwisho wa mwezi ni uleule, hivyo uhakika wa tuzo ni 0. Jibu ni sifuri. Katika shule ya bonasi peke yake anaamini kwamba atalipwa, 0.9, ila watoto wanagombania kitabu kimoja na matarajio yake ni 0.2. Jibu ni 0.18. Mpe vyote, 0.7 mara 0.9, unapata 0.63. Ukijumlisha majibu ya shule mbili za kwanza hufikii hata theluthi moja ya jibu la tatu.

Sisemi kwamba jaribio lilithibitisha nadharia ya Vroom. Watafiti hawakupima matarajio ya mwalimu mmoja mmoja, na kulikuwa na sababu nyingine pia: ruzuku ilipofika, baadhi ya wazazi walipunguza fedha walizokuwa wakitumia kwa elimu ya watoto wao. Lakini umbo la matokeo linafanana na kuzidisha kuliko linavyofanana na kujumlisha, na hilo ni somo kwa ofisa utumishi yeyote anayetenga fungu la bonasi huku mafundi wake hawana vipuri.

Fedha hizo za bonasi zilitegemea watu kuziamini, na imani haipatikani kwa tangazo. Watahini walitoka nje ya shule, viwango vilijulikana mapema, na mwalimu aliweza kujihesabia. Mtoto mmoja akifaulu masomo yote matatu ni shilingi 15,000. Watoto 20 ni shilingi 300,000. Kampuni inayosema bonasi itatolewa kwa watakaofanya vizuri kwa mujibu wa tathmini ya uongozi haiwezi kutoa hesabu kama hiyo, na wafanyakazi wake hulijua hilo kabla ya mwaka kuisha.

Hata tuzo inayoaminika ina hatari yake. Katika magharibi ya Kenya, Paul Glewwe, Nauman Ilias na Michael Kremer walifuatilia mpango wa miaka ya 1990 uliowapa walimu wa shule 50 zawadi kulingana na matokeo ya mitihani ya wanafunzi wao. Alama zilipanda wakati mpango ukiendelea. Walimu, hata hivyo, hawakupunguza utoro wao, wala hawakuongeza kazi za nyumbani. Walichoongeza ni vipindi vya ziada vya kujiandaa na mtihani. Mpango ulipokwisha, faida ile haikudumu. Walimu hao hawakudanganya. Walifanya kile kile kilichokuwa kinalipwa. Ukimlipa mhudumu wa simu kwa idadi ya simu anazojibu, atakata simu mapema, na ukimlipa ofisa mikopo kwa mikopo anayotoa, utakutana na tatizo la marejesho mwaka unaofuata. Dalili ni rahisi kuitambua: kipimo chenye fedha kinapanda, na vipimo vya jirani yake vimesimama. Ndiyo maana mtihani wa pembeni katika KiuFunza ulikuwa wa maana sana.

Kisha kuna wale wasiolipwa. Stacy Adams, aliyeandika katika miaka ya 1960, alisema mfanyakazi hulinganisha anachotoa na anachopata na vile vya mwenzake, na akiona pengo hutafuta njia ya kuliziba, mara nyingi kwa kupunguza bidii. Mpango wa bonasi unaogusa darasa la kwanza hadi la tatu tu unamwacha nje mwalimu wa darasa la tano anayeketi nao chumba kimoja. Anayesanifu mpango kama huo aandae jibu lake kwa mwalimu huyo mapema, kwa maana swali litafika siku ya kwanza.

Hata uchaguzi wa kanuni ya kulipa ulijaribiwa. Mwaka 2015 na 2016, KiuFunza ililinganisha namna mbili. Ya kwanza ililipa kwa kila mtoto aliyevuka viwango vilivyotangazwa. Ya pili iliwapanga watoto katika makundi ya waliokuwa na uwezo unaokaribiana mwanzoni, kisha ikamlipa mwalimu kwa nafasi waliyoshika watoto wake ndani ya kundi. Kwa karatasi, ya pili ni ya haki zaidi, kwa kuwa haimwonei mwalimu aliyepokea darasa dhaifu, na nadharia ya uchumi inaipendelea. Darasani ile rahisi haikuachwa nyuma. Wakati mwingine ilifanya vizuri zaidi. Katika namna ya pili mwalimu hawezi kujua malipo yake bila kujua matokeo ya watoto wa shule asizozifahamu, na kwa maneno ya Vroom, hapo uhakika wa tuzo unakuwa na ukungu. Kwa hiyo, kabla mpango wowote wa bonasi haujatiwa saini, mchukue mfanyakazi mmoja wa kawaida, mpe kalamu na karatasi, na umwombe akokotoe atapata shilingi ngapi mwezi ujao akifikia lengo. Akishindwa, kasoro iko kwenye mpango.