Kamyo ya kukodi ao ya kununua? Karatasi moja ya Kolwezi tuliyoihesabu upya

Wandugu wafanya kazi, na ninyi familia zetu za nyumbani, leo tunaleta habari ya karatasi moja tu. Ilikuja mikononi mwetu kule Kolwezi, ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wa shati ya ndugu mmoja aliyeendesha mashini ya mine miaka mingi. Kontra yake iliisha, akapewa dekonti yake ya mwisho. Yeye na wenzake tano walikuwa wameunganisha franga zao: dola 4 800. Walitaka kamyo bene ya kubeba mawe ya kariere, kazi ambayo walikuwa wameshaahidiwa kwa mwaka mmoja.

Muuzaji wa kamyo aliwapa ile karatasi. Ilikuwa na milongo mbili. Mulongo wa kwanza: kununua. Kamyo ya dola 24 000, mnatoa 4 800, zinazobaki 19 200 mnalipa kwake kwa miezi 36, intere 1 % kwa mwezi. Jumla yote: 30 912. Mulongo wa pili: kukodi kamyo ileile miezi 36, loye ya dola 800 kwa mwezi, inalipwa mwanzo wa mwezi. Jumla: 28 800. Chini aliandika kwa bike nyekundu: «Kukodi = mnapata faida ya dola 2 112.»

Ndugu yule alituambia: «Muone, hesabu iko sawa. Tumeijumlisha mara tatu.» Na kweli, kujumlisha kulikuwa sawa. Tuliijumlisha sisi pia. Kasoro haikuwa katika kujumlisha.

Kwanza tuliuliza kama hizi bei mbili zimeshaingiza TVA ya 16 %, sababu loye ya 800 bila takse inakuwa 928 na takse. Hapo alikuwa ameingiza pande zote mbili. Tena tuliuliza ni nani atalipa pine, mafuta ya motere, asiransi na mashofere. Kontra zote mbili zilisema: ni ninyi. Basi hivyo vyote tulivifuta, maana kinacholipwa sawasawa pande zote mbili hakibadilishi kitu. Kama mwenye kamyo angekuwa anatengeneza yeye mwenyewe, hapo ingebidi tuandike ile franga upande wa kununua.

Kisha tukashika ile intere ya 1 %. Hapa batu bengi banaanguka, na sisi katika sendika tulishaanguka zamani kwa deni ya mabati. Muuzaji alipiga 1 % juu ya 19 200 nzima, miezi yote 36. Hata mwezi wa 35, wakati umebakisha deni ya miezi miwili tu, wewe bado unalipa intere ya 19 200. Inafanya dola 192 kila mwezi, 6 912 kwa yote, na malipo ya mwezi yanakuwa 725. Banki moja ya mjini ilikuwa inaomba 1,5 % kwa mwezi, na wale ndugu waliikimbia, wakisema 1,5 ni kubwa kuliko 1. Lakini banki inahesabu intere juu ya deni inayobakia. Mwezi wa kwanza ni dola 288, halafu inashuka kila mara unapolipa. Malipo ya mwezi kwa banki: dola 694. Kwa hiyo ile 1 % ya muuzaji ni ghali kupita 1,5 % ya banki. Ukiigeuza ihesabiwe namna ya banki, inafika karibu 1,77 % kwa mwezi. Mtu akikutajia asilimia, usimuachie hapo. Umuulize: juu ya franga gani? Na umuombe malipo ya mwezi kwa herufi na kwa namba.

Kwa kununua kwa njia ya banki, basi: 4 800 za mkononi, 300 za kufungua dosie, na mara 36 dola 694 na senti kidogo, ni 24 989. Jumla 30 089. Bado loye ya muuzaji inaonekana iko chini.

Lakini ile karatasi ilinyamazia kitu kimoja. Siku ya mwisho ya mwezi wa 36, kamyo iko wapi? Aliyenunua, iko mbele ya nyumba yake. Aliyekodi, ameirudisha. Muuzaji alikuwa amesema kwa mdomo: «Kiisha miaka tatu, tutasikilizana, inaweza kuwa yenu.» Tulisoma kontra ukurasa kwa ukurasa. Iliandika kwamba kamyo inarudishwa kwa siku 7, ikiwa katika hali nzuri, na pine zake. Ya kusikilizana haikuandikwa popote. Tunahesabu kinachoandikwa.

Kamyo iliyofanya miaka mitatu kwa barabara ya vumbi na mawe ina bei gani? Hii ndiyo namba ngumu kupita zote, sababu hakuna fakitire yake, ni ya kesho. Hatukuuliza muuzaji, na hatukukisia sisi wenyewe. Tuliwatuma ndugu wawili kwa mafundi na kwa watu wanaouza kamyo za mkono wa pili, waulize bei ya aina ileile, yenye miaka ileile zaidi mitatu, siyo bei inayotangazwa lakini bei iliyolipwa. Walirudi na majibu mawili. Yenye motere na bwati nzima: 9 000. Iliyochoka, yenye shasi ilishapigwa sude: 6 000. Tukachukua 6 000. Mmoja alinung'unika kwamba tunaishusha kamyo yao mbele hata hawajainunua. Basi! Afadhali hesabu ikukosee kwa upande wa kukupa zaidi.

Toa 6 000 katika 30 089: kununua kunabaki 24 089. Kukodi ni 28 800. Ghafla kununua kunashinda kwa dola 4 711. Wale ndugu walianza kucheka na kupigana mikono.

Tukawazuia. Hiyo nayo ni namba ya uongo kidogo, na hapa tunaomba musome polepole. Dola ya leo na dola ya kiisha miaka mitatu si sawa. Wale 6 000 wa kuuza kamyo watakuja mwezi wa 36, lakini 4 800 zinatoka leo. Ili kulinganisha, inabidi kuleta franga yote kwa siku moja, tuseme leo. Kwa ndugu hawa, bei ya franga ni ile banki inayowaomba: 1,5 % kwa mwezi. Dola 100 zikikua hivyo miezi 36 zinakuwa 171. Basi 6 000 za siku ile, ukizigawanya kwa 1,71, kwa leo ni karibu 3 510. Loye nazo vilevile, kila mwezi kwa umbali wake: ya kwanza, inayolipwa leo, ni 800 kamili, ya mwisho ni karibu 475 tu.

Mtoto wa mmoja wao alifanya hii kwa siberi, ndani ya Excel ya kifaransa. Mistari ni mitatu:

```
=VPM(1,5%;36;-19200)
=VA(1,5%;36;-800;;1)
=6000/1,015^36
```

Wa kwanza unatoa malipo ya banki, 694. Wa pili unaleta loye zote kwa leo: 22 460. Ile 1 ya mwisho inasema loye inalipwa mwanzo wa mwezi; ukiisahau, kukodi kutaonekana kuwa chini kwa dola zaidi ya 300. Wa tatu ni ile 3 510.

Upande wa kununua, musiongeze intere tena. Malipo 36 ya banki, ukiyaleta kwa leo kwa ileile 1,5 %, yanarudi kuwa 19 200 kamili. Intere imeshaingia ndani ya ile asilimia. Ukiiandika tena umeilipa mara mbili kwa karatasi. Kwa hiyo: 24 000, zaidi 300 za dosie, toa 3 510. Inabaki 20 790. Kukodi 22 460. Kununua kunashinda kwa dola 1 670. Siyo 4 711, na siyo kupoteza 2 112 kama ile bike nyekundu ilivyosema.

Tuliuliza tena kwa kinyume: kamyo iuzwe bei gani ndiyo pande zote mbili zilingane? Jibu: karibu 3 150. Hii tuliipenda kupita zote, sababu hauhitaji tena kubishana kama ni 6 000 ao 9 000. Unauliza fundi neno moja: hii kamyo inaweza kuanguka chini ya 3 150? Fundi alisema ni kama igonge tu, na kugonga ni kazi ya asiransi.

Ndugu walirudi kwa muuzaji na ile hesabu. Hakukasirika, alishusha loye mpaka 750. Tulihesabu upya: 21 057. Tofauti imebaki dola 267, na kwa namba iliyosimama juu ya bei ya kesho, hiyo si tofauti. Hapo ni kontra ndiyo inakata maneno.

Na kazi yao, tulishasema, iliahidiwa mwaka mmoja. Ikiisha hapo? Upande wa banki, kiisha miezi 12 kunabakia deni ya karibu 13 900, lakini kamyo iko, unaweza kuiuza na kupunguza deni. Upande wa kukodi, kontra ilidai loye zote zinazobaki, mara 24 dola 750, ni 18 000, na kamyo inarudishwa. Waliomba waandikiwe kwamba kiisha mwaka wanaweza kurudisha kamyo na kulipa miezi mitatu tu ya adhabu. Kama angekubali, sisi wenyewe tungewaambia wakodi, hata kama loye ingebaki 800, maana hiyo ruhusa ya kutoka ina bei yake. Alisema ataenda kuuliza patro wake.

Walingoja wiki mbili. Jibu lilikuja kwa telefone: hapana, kontra haibadilishwe. Siku ya pili walipanda banki wote sita, na wake zao wawili, sababu ni parsele zao ndizo banki iliomba kama garanti, na mama mmoja alikataa kutia sinyatire mpaka asomewe ile mistari mitatu ya mtoto, polepole, kwa Kiswahili.