Nukta ya bodaboda kwenye ramani

Bodaboda anayekwenda kilomita 36 kwa saa husogea mita 10 kila sekunde. Programu ikisoma GPS kila baada ya sekunde 10, ramani huitelezesha nukta yake taratibu kwenye hizo mita 100, ili mteja asiione ikirukaruka. Barabarani inatosha kabisa.

Chaji huliwa bure dereva anaposubiri chipsi dakika 20, simu ikiendelea kutafuta setilaiti. Hapo heri kuhamia `PRIORITY_BALANCED_POWER_ACCURACY` ya Android, inayoegemea waifai na minara ya simu, kwa usahihi wa mita 100 hivi. Akikaribia kwa mteja, irudishwe `PRIORITY_HIGH_ACCURACY`, kila sekunde 2: uswahilini, mita 100 ni kichochoro kingine.