Maji Yanapogonga Ukuta

Mpira wa zimamoto wenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 2.5 hutoa takriban lita 10 kila sekunde maji yakitoka kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Yakipiga ukuta, yanausukuma kwa nguvu kiasi gani?

Hatuhitaji kufuatilia kila tone. Tunatazama yanavyofika na yanavyoondoka. Lita 10 za maji ni kilo 10. Kilo hizo zinafika na kasi ya 20. Zidisha, unapata 200, na hiyo ndiyo momenta inayoletwa ukutani kila sekunde. Baada ya kugonga, maji hutawanyika pembeni, juu na chini, yakiambaa na ukuta. Kuelekea ukutani hayana mwendo tena. Momenta yote 200 imepotea ndani ya sekunde moja, na kwa kanuni aliyoiandika Newton mwaka 1687, nguvu ni kiasi cha momenta kinachobadilika kila sekunde. Jibu ni nyutoni 200, karibu sawa na uzito wa ndoo ya lita 20 iliyojaa.

Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huwa mara nne, si mara mbili: kilo zinazofika kila sekunde zimeongezeka maradufu, na kila kilo inapoteza mwendo maradufu.

Hapa wanafunzi wengi hukwama. Wanajua kwamba maji yakisimamishwa kabisa katikati ya pigo, shinikizo lake ni nusu ya uzito wa ujazo mmoja mara mraba wa kasi, yaani paskali 200,000. Wanazidisha kwa eneo la mdomo wa mpira, sentimita za mraba 5, wanapata nyutoni 100. Nusu nyingine imekwenda wapi?

Haikupotea. Maji hayageuki ghafla kama yamekatwa kwa kisu. Huanza kupinda kabla ya kufika, na yanapopinda huendelea kuubana ukuta hata nje ya duara la mkondo wenyewe. Shinikizo ni kali katikati, kisha hupungua taratibu kadiri unavyokwenda pembeni. Ukijumlisha yote, unarudi kwenye 200. Uzuri wa njia ya momenta ni kwamba haikulazimishi kujua shinikizo la kila sehemu.

Hesabu hii ina mipaka. Ukuta ukiwa umeinama, hesabu ile sehemu tu ya mwendo inayoelekea ukutani moja kwa moja. Maji yakirudishwa nyuma badala ya kutawanyika, nguvu inakaribia maradufu. Vikombe vya gurudumu la Pelton, linalozungusha jenereta za umeme, vimetengenezwa hivyo. Na ukisimama mbali, mkondo hupasuka hewani na kupunguza kasi, basi nguvu halisi itakuwa chini ya nyutoni 200.