Alama za Asha na hesabu inayoharakisha mafunzo ya mashine

Asha amepata 20 katika mtihani wa Hisabati. Kabla hujamsikitikia, uliza wenzake wamepata ngapi. Baraka ana 40, Chausiku 60, Daudi 80. Wastani wao ni 50, kwa hiyo Asha yuko chini ya wastani kwa alama 30. Je, pengo hilo ni kubwa au dogo? Inategemea darasa limetawanyika kiasi gani. Tunachukua umbali wa kila mwanafunzi kutoka kwenye wastani, tunauzidisha kwa wenyewe ili hasi na chanya zisifutane, tunatafuta wastani wa majibu hayo, kisha tunatoa kipeuo chake cha pili. Tunapata 22.4 hivi. Huo ndio mtawanyiko wa darasa. Ukigawanya 30 za Asha kwa mtawanyiko huo, anabaki na hasi 1.34. Baraka anapata hasi 0.45, Chausiku 0.45, na Daudi 1.34.

Mwalimu yeyote wa takwimu anaijua hesabu hii. Mwaka 2015 Sergey Ioffe na Christian Szegedy wa Google waliichukua na kuiweka katikati ya mtandao wa nyuroni, yaani ndani ya mashine inayojifunza kutambua picha. Hapa nitaiita usawazishaji wa fungu. Mashine ya namna hiyo haifundishwi kwa picha moja moja, wala haimwagiwi picha zote kwa mkupuo. Hupewa fungu, kwa mfano picha 32, ikakosea, ikasahihishwa kidogo, kisha ikapewa fungu jingine. Ndani yake kuna matabaka ya nyuroni, na kila nyuroni hutoa tarakimu moja kwa kila picha. Fikiria picha kuwa wanafunzi na nyuroni kuwa masomo. Usawazishaji wa fungu hushuka na safu ya somo moja, ukawalinganisha wanafunzi wote wa fungu hilo, kisha ukahamia somo la pili na kufanya vivyo hivyo. Kila somo hutoka likiwa na wastani wa sifuri na mtawanyiko wa moja.

Kuna hatua moja ya mwisho ambayo wengi huiruka wanapoeleza jambo hili. Baada ya kusawazisha, kila somo hupewa tarakimu mbili za kwake: ya kwanza huzidisha, ya pili hujumlisha. Mashine hujifunza yenyewe zinafaa kuwa ngapi. Bila hizo kila nyuroni ingelazimishwa kukaa karibu na sifuri daima, hata pale ambapo kazi inataka iwe juu au iwe pana. Kwa hiyo mashine huondolewa kipimo ilichokirithi kwa bahati kutoka matabaka ya chini, ikaachiwa uhuru wa kuchagua kipimo chake.

Faida yake ilionekana wazi. Watafiti hao walichukua mtandao uitwao Inception, wakaufundisha kwa picha za hazina ya ImageNet. Mtandao wa awali ulihitaji hatua milioni 31 za mafunzo ili kufikia usahihi wa asilimia 72.2. Walipoingiza usawazishaji bila kubadili kingine, zilitosha hatua milioni 13.3. Walipofanya marekebisho machache na kuongeza ukubwa wa kila hatua mara tano, mtandao ulifika palepale kwa hatua milioni 2.1. Kazi ileile ilifanyika kwa hatua pungufu mara 14.

Siri iko kwenye ukubwa wa hatua. Kufundisha mashine ni kama kushuka mlimani gizani ukipapasa mteremko kwa miguu. Unahisi upande unaoshuka, unapiga hatua, unahisi tena. Hatua ikiwa fupi mno utakesha njiani, na ikiwa ndefu mno utaruka bonde na kutua upande wa pili, pengine juu zaidi ya ulipotoka. Sasa chukua mtandao wenye nyuroni moja inayotoa tarakimu za maelfu na nyingine inayotoa za sehemu ya kumi. Hatua inayoifaa ya pili itairusha ya kwanza mbali, kwa hiyo hulazimika kutembea kwa mwendo wa ile iliyo hatari zaidi. Ioffe na Szegedy walijaribu kuongeza hatua mara tano kwenye mtandao usiosawazishwa, na tarakimu zake zilipanda hadi kompyuta ikashindwa kuziandika. Ule uliosawazishwa uliustahimili mwendo huo.

Rudi kwenye alama uone ustahimilivu huo unatoka wapi. Zidisha alama zote za Hisabati kwa kumi: 200, 400, 600, 800. Wastani unakuwa 500, mtawanyiko 224 hivi, na Asha anabaki na hasi 1.34 ileile. Ongeza 1000 kwa kila mmoja, bado ni hasi 1.34. Maana yake ni kwamba uzito unaoingia kwenye nyuroni ukivimba mara kumi, matokeo hayatikisiki. Si hivyo tu: kwa kuwa matokeo hayabadiliki, mteremko unaohisiwa na uzito huo uliovimba hupungua mara kumi, na masahihisho yake yanakuwa madogo. Uzito unapokua, breki zake nazo zinakaza. Kwangu mimi huu ndio uzuri mkubwa wa mbinu hii, maana hakuna aliyeziweka breki hizo kwa mkono. Zimezaliwa na kugawanya kwa mtawanyiko.

Waasisi wenyewe walitoa sababu nyingine. Walisema kila tabaka hujifunza kwa kutegemea tarakimu za tabaka la chini, na tabaka la chini nalo linabadilika kila hatua, hivyo lile la juu hujenga juu ya mchanga unaohama. Usawazishaji, kwa maelezo yao, huutuliza mchanga. Maelezo hayo yaliaminiwa kwa miaka mitatu. Mwaka 2018 Shibani Santurkar na wenzake wa MIT waliyapima kwa njia ya moja kwa moja: baada ya kusawazisha, walimwaga kelele za kubahatisha ndani ya tarakimu, wakauhamisha mchanga kwa makusudi. Mtandao huo haukuwa na utulivu wowote, lakini bado ulijifunza vizuri na kwa kasi. Walihitimisha kwamba kinacholainishwa ni mlima wenyewe: mteremko unaouhisi hapa unabaki wa kutegemewa hata ukipiga hatua ndefu. Nayaona maelezo haya kuwa na nguvu zaidi, kwa sababu yalivumilia jaribio ambalo yale ya kwanza hayakulivumilia.

Mbinu hii ina gharama, nayo imefichika ndani ya swali tuliloanza nalo. Mwondoe Daudi kwenye fungu, umlete mwanafunzi aliyepata sifuri. Sasa alama ni 20, 40, 60 na 0. Wastani unashuka hadi 30, mtawanyiko unabaki 22.4, na Asha, ambaye hakuandika hata herufi moja zaidi, anapanda kutoka hasi 1.34 hadi hasi 0.45. Jibu la mashine kuhusu picha moja limebadilika kwa sababu ya picha jirani.

Wakati wa mafunzo mtikisiko huu mdogo huvumilika, na mara nyingine husaidia mashine isikariri. Katika kazi halisi haukubaliki. Mgonjwa aliyepigwa picha ya mapafu hapaswi kupata majibu yanayotegemea nani mwingine amepigwa picha asubuhi hiyo. Ndiyo maana mashine, inapofundishwa, huweka daftari la wastani na mtawanyiko wa mafungu yaliyopita, kisha inapoanza kazi hutumia daftari hilo badala ya fungu lililo mbele yake. Kwenye PyTorch swichi ya kuhamia huko ni mstari mmoja:

```python
model.eval()
```

Mstari huu ukisahauliwa hakuna king'ora kinacholia. Dalili yake ni kwamba picha ileile hupata majibu tofauti kila inapochanganywa na picha nyingine. Atumiaye mbinu hii na afanye jaribio hilo kabla ya kutafuta kosa kwingine.

Fungu likiwa dogo sana hali huwa mbaya zaidi. Wastani wa wanafunzi wawili hausemi mengi kuhusu shule. Na mwanafunzi akiwa mmoja, yeye mwenyewe ndiye wastani, kila somo linamtoa sifuri, na hakuna kilichobaki cha kujifunza.

Hapo ndipo tunafika kwenye usawazishaji wa tabaka, uliotangazwa mwaka 2016 na Jimmy Ba, Jamie Ryan Kiros na Geoffrey Hinton huko Toronto. Hesabu ni ileile, ila karatasi ya alama inasomwa upande mwingine. Badala ya kushuka na somo moja kwa wanafunzi wote, unakwenda na mstari wa mwanafunzi mmoja kwa masomo yake yote. Asha ana 20 ya Hisabati, 80 ya Kiswahili na 50 ya Jiografia. Wastani wake ni 50, mtawanyiko 24.5 hivi, kwa hiyo Hisabati inakuwa hasi 1.22, Kiswahili 1.22, na Jiografia sifuri. Baraka, Chausiku na Daudi hawakuulizwa. Wakihama shule wote leo, tarakimu za Asha hazisogei, na wala hakuna haja ya daftari la kumbukumbu.

Mwaka uliofuata, watafiti wa Google walipobuni transfoma (si ile ya umeme juu ya nguzo, bali muundo wa mtandao unaobeba mashine za lugha za leo), waliuchagua usawazishaji huu wa pili. Katika transfoma, anayesimama mahali pa mwanafunzi ni neno au kipande cha neno, na masomo yake ni tarakimu zinazolieleza, ambazo katika ule muundo wa kwanza zilikuwa 512. Sentensi hazilingani urefu, na neno adimu hukaa pembeni ya neno linalorudiwa kila mstari. Mwaka 2020 watafiti wa Berkeley walionyesha kwamba wastani na mtawanyiko wa mafungu ya lugha huyumba mno wakati wa mafunzo, kuliko ilivyo kwenye picha. Isitoshe, mashine ya lugha hufundishwa kubashiri neno lijalo. Ukichanganya maneno yote ya sentensi katika wastani mmoja, habari za maneno yajayo zitavuja hadi kwa neno ambalo halikupaswa kuyaona.

Mahali pa kuuweka usawazishaji nako kumekuwa na uzito wake. Transfoma ya 2017 iliuweka mwishoni mwa kila sehemu, nayo ilihitaji kupashwa moto: hatua 4000 za mwanzo zilianza fupi na kurefuka polepole, la sivyo mafunzo yangeyumba. Baadaye uliletwa mwanzoni mwa sehemu, kama katika GPT-2, na utafiti wa 2020 ukaonyesha kwamba kwa mpango huo transfoma inaweza kufundishwa bila kupashwa moto. Wengine wamepunguza hata hesabu yenyewe, wakaacha kutoa wastani na kubaki na kugawanya tu.

Llama ya kwanza ya Meta, iliyotolewa mwaka 2023, hutumia hesabu hiyo iliyopunguzwa. Katika toleo lake dogo kila kipande cha neno kina tarakimu 4096, na kikipita matabaka yote 32 kinasawazishwa mara 65. Katika mara zote hizo hakilinganishwi na kipande kingine chochote.